Matangi ya maji ya shule yetu: barua ya pili kwa tuliosoma pale

Handeni, 10 Agosti 2025

Kaka na dada mliotutangulia, shikamooni. Wadogo zetu, hamjambo.

Barua tuliyowatumia katikati ya Julai tunaiondoa. Aliyeihifadhi kwenye simu yake tunamwomba aifute, na hasa aifute ile picha. Tunaloliomba halijabadilika: matangi matatu ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule yetu ya msingi. Kilichobadilika ni namna tunavyowaomba, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa na makosa, na makosa yale ni yetu sisi kamati.

Tuanze na picha. Mtakumbuka msichana wa darasa la pili aliyesimama kando ya dumu, machozi yakimtiririka, na juu yake tukaandika: "Huyu analia kwa kiu, wewe umeshiba maji ya chupa." Mama yake alipoonyeshwa picha hiyo na jirani, alikwenda shuleni kumwona Mwalimu Mkuu. Alisema mwanawe siku ile alikuwa amechomwa na mwiba njiani, na mwalimu wa zamu alikuwa bado hajamaliza kuutoa. Akauliza kwa nini mtoto wake atembezwe kwenye simu za watu wazima akiwa analia, wakati kila asubuhi anatoka nyumbani ameoga, sare imefuliwa. Hatukuwa na jibu. Tumemwendea nyumbani, tumemwomba radhi yeye na mtoto, na ametupokea vizuri. Barua hii haina picha ya mtoto yeyote.

La pili ni maneno tuliyowaandikia ninyi. Tulisema tutatangaza majina ya wasiochanga. Tukaandika "kutoa ni moyo" kana kwamba asiyetoa hana moyo. Baada ya hapo mwenzetu mmoja wa Dar es Salaam, mtu aliyebeba matofali kwa mikono yake tulipokarabati ofisi ya walimu, akaacha kupokea simu zetu. Alipopokea mwishowe alisema: "Ninauguza tangu Februari. Niliona aibu kusema sina." Mtu wa kwetu kuona aibu mbele yetu kwa sababu ya barua yetu, hilo lilituumiza kuliko fedha iliyopungua. Kwa hiyo hakuna jina litakalotangazwa, la aliyechanga wala la asiyechanga. Mweka hazina atatoa jumla kila Jumamosi, basi. Na kama mwaka huu mambo hayajakaa sawa, hudaiwi maelezo na mtu yeyote.

Sasa turudi shuleni, maana huko ndiko tulikopaswa kuanzia.

Saa moja kasoro asubuhi, mstari wa watoto unaanzia mlango wa jiko la uji na kuishia kwenye ule mwembe wa zamani. Kila mmoja ana dumu. Mengi ni yale ya njano ya lita 5 yaliyokuwa ya mafuta ya kula. Vizibo vilishapotea, kwa hiyo yamezibwa kwa gunzi la mahindi. Wakubwa wanamimina kwenye pipa la bluu, na wadogo wanasubiri wasaidiwe kunyanyua. Juzi tulisimama pale na kumwona mvulana wa darasa la sita akiwa na madumu mawili. Moja lake, jingine la mdogo wake aliye darasa la kwanza. Alimimina la mdogo wake kwanza, akachomoa gunzi la lake, akalikung'uta, akaliweka mfukoni kwa ajili ya kesho.

Wengi wenu mnaijua njia hiyo ya lambo. Mnalijua na jani lile la mwembe linaloelea juu ya ndoo ili maji yasimwagike, na namna shingo inavyozoea. Tulikua vizuri hata hivyo, na watoto wa sasa nao wanacheza, wanacheka na wanafaulu. Hatuwaombi mwokoe mtu. Ila kwenda na kurudi lambo ni dakika themanini, na mtoto aliyeamka saa kumi na moja kwa ajili ya dumu anasinzia kipindi cha hisabati. Kwa mujibu wa walimu, hilo ndilo linalowasumbua zaidi ya kiu yenyewe.

Maji kwetu yanapita juu ya vichwa vyetu kila masika na kila vuli, yanadondoka kwenye bati la madarasa, yanachimba mfereji uani na kutokomea bondeni. Jengo la madarasa manne lina paa la mita 36 kwa 9, yaani mita za mraba 324. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 20, mvua ya kawaida ya asubuhi moja, inaangusha lita 6,480 juu ya paa lile. Tukitoa moja ya tano kwa yanayorukia nje na yale ya mwanzo tunayoyaacha yapite, zinabaki lita 5,184. Mvua sita za namna hiyo zinajaza matangi yote matatu, lita 30,000.

Shule ina wanafunzi 412. Hapa tunataka tuwe wakweli, kwa kuwa barua ya kwanza iliahidi kwamba shida ya maji itakwisha. Haitakwisha. Yakitumika kwa kila kitu, lita mbili kwa mtoto, yanamalizika kwa siku 36 za masomo. Yakitengwa kwa kunywa na uji tu, lita moja kwa mtoto, yanafika siku 72, ambazo ni kama wiki kumi na nne za masomo. Muhula wa pili unafunguliwa Julai, na vuli hutufikia Oktoba. Kwa hiyo matangi yaliyojaa masika yanaweza kuwavusha watoto kiangazi chote kwa maji ya kunywa na uji. Ya kufagilia, ya chooni na ya miti yataendelea kutoka lambo, lakini kwa zamu, madarasa ya juu tu, mchana baada ya vipindi. Mtoto wa darasa la kwanza hatabeba dumu tena.

Gharama ni hizi, kwa bei tulizopewa madukani Tanga na Chanika wiki iliyopita. Matangi matatu ya plastiki ya lita 10,000, kila moja shilingi 2,300,000, jumla 6,900,000. Gata za mita 72, pande zote mbili za paa, pamoja na mabomba, koki na vishikizo, 1,180,000. Mifuko 36 ya saruji ya misingi, 630,000. Fundi na msaidizi wake 900,000. Usafiri wa matangi kutoka Tanga 400,000. Zote pamoja ni shilingi 10,010,000. Mchanga, mawe, kokoto na uchimbaji havimo humo, kwa sababu wazazi wamekwisha kuvileta. Rundo la mawe liko nyuma ya darasa la nne, na kina mama wa kitongoji cha chini ndio waliokusanya sehemu kubwa. Kabla hatujawaomba ninyi, wao walikuwa kazini.

Mmoja wenu aliuliza kwa nini serikali isilipie. Ni swali la haki. Shule inapokea ruzuku. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati yake 4,000 ni za vitabu, na 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Kwa watoto 412 hiyo ni shilingi 2,472,000 kwa mwaka mzima, na humo humo watoe chaki, mitihani, karatasi na ukarabati mdogo. Wakiiweka yote kwenye maji, inanunua tangi moja na gata hazipo. Kamati ya shule imekubali kutenga kidogo kila mwaka kwa ajili ya koki na usafi wa matangi, ili tusiwarudie ninyi kila kitu kikivunjika.

Hadi jana jioni zimeingia shilingi 3,640,000. Zinabaki 6,370,000.

Mchango wa shilingi 17,500 ni mfuko mmoja wa saruji. Elfu tano inasaidia kununua vishikizo, na gata isiyoshikwa vizuri inang'olewa na upepo wa kwanza, kwa hiyo hakuna mchango utakaokosa mahali pa kuingia. Wanaoweza kuungana watano au sita wakabeba tangi zima, kama walivyosema ndugu zetu walioko Muscat, wanakaribishwa. Hatutaandika jina la kundi lolote juu ya tangi; wazazi waliobeba mawe wangeandikwa wapi?

Kuna wengine ambao hawana fedha lakini wana mikono au ujuzi. Tunahitaji mtu anayejua kufunga bomba la kupitishia maji ya mwanzo, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, ili yasiingie kwenye tangi. Tunahitaji pia mtu wa afya aje siku moja aongee na walimu juu ya kutibu maji ya kunywa kwa klorini na kuosha tangi kabla ya masika. Ukiwa karibu, siku moja yako ni mchango kamili.

Fedha itumwe kwa mweka hazina kwa namba ile ile mliyonayo tangu ukarabati wa ofisi. Haijabadilika na haitabadilika. Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", si wetu. Mpigie mweka hazina mwenyewe usikie sauti yake. Kutoa fedha benki kunahitaji sahihi tatu: ya mweka hazina, ya Mwalimu Mkuu na ya mjumbe wa wazazi. Kila risiti itapigwa picha na kuwafikia. Zikizidi, tutawauliza kabla ya kuzitumia.

Tungependa matangi yawe yamesimama ifikapo 30 Septemba ili vuli iyakute. Fedha isipotimia kufikia siku hiyo, tutafunga tangi moja na gata za upande mmoja, tuanze na lita 10,000. Mengine yatafuata.

Siku ya kufungua koki tutawaambia mapema. Mwenye nafasi aje, awe amechanga au hakuchanga. Kutakuwa na uji, na yule mama tuliyemkosea amekubali kusimamia sufuria. Msichana wake ametuma neno kupitia kwa Mwalimu Mkuu: akipigwa picha siku hiyo, anataka apigwe akiwa amefungua koki, na aione kwanza kabla haijatumwa kwa mtu.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya kamati