Bei ya Ubao

Ubao ulikuwa mweupe, umetundikwa juu ya meza ya maofisa wa Tume ya Madini, na kila asubuhi ofisa mmoja alipanda kwenye kiti cha plastiki, akafuta namba za jana na kuandika za leo. Soko la dhahabu la Geita lilikuwa limefunguliwa Machi 2019. Hii ilikuwa Agosti ya mwaka huohuo, na kwa mara ya kwanza tangu 2013 bei ya dunia ilikuwa imepita dola 1,500 kwa wakia. Waliokuwa na mawe walikimbilia karasha, mashine za kusaga mawe, na waliokuwa na dhahabu chini ya godoro walikumbuka kuitoa.

Shija alikuwa na wiki mbili tu kwenye kibanda cha Mzee Lugembe. Alimaliza kidato cha nne Rwamgasa, akazunguka mwaloni, kule wanakooshea dhahabu, mwaka mzima akibeba viroba vya mchanga, mpaka mjomba wake alipomwombea kazi kwa huyu broka. Mzee alikuwa amenunua dhahabu porini tangu enzi ambazo mnunuzi alipima kwa jicho, akaligonga donge kwenye jino na kutaja bei ambayo hakuna aliyeweza kuihoji. Sasa alikuwa na leseni, mizani ya dijitali na kijana wa kumfanyia hesabu, na hakukipenda hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

"Soma ubao," alimwambia siku ya kwanza.

Shija akasoma. Wakia dola 1,500. Dola shilingi 2,290. Akachukua simu, akagawa, akazidisha, akajibu kwa kujiamini, "Gramu ni 121,000 na ushee, mzee."

"Umegawa kwa ngapi?"

"28.35. Ndiyo gramu za wakia moja, tulifundishwa."

"Hiyo ni wakia ya sukari na unga. Ya dhahabu ina gramu 31.1035." Mzee aliitaja namba hiyo bila kuangalia popote. "Kwa hesabu yako tungefilisika kabla ya saa sita mchana."

Shija akagawa upya. Safari hii ilikuja 110,438, na ubaoni, mstari wa chini, palikuwa pameandikwa 110,400 kwa gramu moja ya dhahabu safi. Jioni hiyo alinunua daftari la kurasa 96, akachora mistari mitano: tarehe, wakia, dola, gramu safi, maoni. Kuanzia hapo alinakili ubao kila asubuhi kabla hata ya kufungua kufuli la kibanda. Vijana wa vibanda vya jirani walimcheka, kwamba ananakili kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukiangalia kwa kuinua macho. Kuangalia walikuwa wanaangalia kweli. Ila ukiwauliza juzi palikuwa na nini, kila mmoja alikuwa na bei yake.

Kilichomsumbua ni hiyo bei ya mwisho, kwa sababu kila mchimbaji aliyeingia sokoni aliisoma hiyohiyo peke yake. Mtu anashuka kwenye bodaboda kutoka Nyarugusu, anaona 110,400, anazidisha kwa gramu alizonazo na tayari kichwani ameshanunua mabati. Kisha anapewa pungufu, anatoka akisema soko ni la wezi walewale wa porini, wamevaa mashati tu. Kwa kiasi fulani alikuwa na haki. Ubao unasema bei ya dhahabu safi kabisa, na hakuna mtu anayetoa dhahabu safi kabisa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Inatoka imeshikana na madini ya fedha, na shaba kidogo, na ikikamatwa kwa zebaki inabaki na zebaki.

Mama Kulwa aliingia siku ya Jumanne, amefunga donge kwenye ncha ya khanga, binti yake akiwa nyuma na simu mkononi. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaorudia kuosha marudio, ule mchanga ambao wenye karasha wanaona umekwisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pima."

Mizani ikaonyesha 11.62. Donge lilikuwa na rangi ya njano iliyofifia, na lina vitundu vitundu kama sponji. Shija alijua maana yake. Limechomwa kwenye moto wa mkaa, zebaki ya juu imeondoka, ya ndani bado.

"Mama, hili inabidi tuliyeyushe kwanza. Litapungua."

"Lipungue liende wapi?"

"Kuna zebaki ndani. Ikipata moto mkali inakuwa mvuke."

Mama Kulwa akalifunga tena donge lake. "Huo ndio wimbo wenu. Nilichoma mwenyewe, nikaona moshi umeisha. Sasa wewe unachoma, gramu zinahamia mfukoni mwako."

Mzee Lugembe, aliyekuwa amekaa nyuma akijifanya anasoma gazeti, hakuinua kichwa. Alikuwa akisikiliza kijana atajibuje. Shija hakujibu. Alichukua kikombe kitupu cha kuyeyushia, akakiweka kwenye mizani mbele yake, akamwonyesha binti namba. Akapima na boraksi, unga wa kutoa uchafu kwenye dhahabu, akamwonyesha. Akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko.

"Simama hapo, si karibu sana, moshi wake ni sumu. Binti apige video. Usitoe macho kwenye mikono yangu."

Mama akafikiri kidogo, akafungua khanga.

Alikuwa anafanyia chini ya feni inayovuta hewa nje, moto wa gesi ukilia. Donge likakunjamana, likajikusanya, likawa tone moja linalozunguka na kung'aa, na boraksi ikatengeneza kioo cheusi pembeni yake. Alipolimwaga na kulipoza kwenye maji alikigonga kile kioo kwa nyundo ndogo, akakikusanya chote kwenye karatasi nyeupe na kuuita uso wa mama ukaribie kuangalia kama kuna punje ya njano. Haikuwepo. Wakarudi kwenye mizani.

11.05.

Mama Kulwa aliguna, guno refu la Kisukuma ambalo halina haja ya maneno. Lakini hakusema umeiba. Alikuwa ametazama mwanzo hadi mwisho.

Kwenye meza ya Tume, mashine ya kupima usafi ikaandika `Au 92.4`. Shija akageuza karatasi upande wa mama, akaandika pole pole huku akisoma kwa sauti. "Ubao ni 110,400. Ya kwako ni asilimia 92.4 ya hiyo, inakuja 102,010. Hapo duka letu linakata elfu mbili kwa kila gramu, ndiyo faida ya mzee na mshahara wangu. Inabaki 100,010. Mara 11.05 ni 1,105,110."

Kwenye kiti cha nyuma gazeti likashuka. Hakuna broka anayemtajia muuzaji anachokula.

"Halafu serikali. Mrabaha asilimia 6, ni 66,307. Ukaguzi asilimia 1, ni 11,051. Halmashauri 0.3, ni 3,315. Unabaki na 1,024,437."

"Jirani yako hapo ananunua 106,000 kwa gramu," alisema mama. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Nenda mama. Ila usimuulize gramu moja bei gani. Muulize utaondoka na shilingi ngapi."

Akaenda. Mzee Lugembe alisubiri mpaka mgongo wake upotee kwenye umati.

"Unawafundisha hesabu," alisema. "Kesho watakuja na hesabu zao, tutakula wapi?"

"Elfu mbili kwa gramu ipo palepale, mzee."

"Mimi nilikuwa nakula elfu nane."

"Kwa watu wangapi kwa siku?"

Mzee akarudi kwenye gazeti lake. Siku hiyo, ukiacha mama huyo, walikuwa wameingia wauzaji wawili.

Nusu saa baadaye khanga ilionekana tena mlangoni. Kibanda cha pili walimpa kweli 106,000. Ila walisema donge lina uchafu, wakapunguza kwa makadirio mpaka gramu 10.20, bila kuyeyusha, bila mashine. Binti alikuwa amezidisha kwenye simu na kutoa makato. Ilikuja 1,002,000 na ushee. Mama Kulwa hakusimulia haya yote. Aliweka donge mezani akasema, "Lipa."

Wiki iliyofuata alirudi na wenzake wawili, na kipande kidogo ambacho, Shija aligundua baadaye, walikuwa wamekipima vibanda vitatu kabla ya kufika kwake. Alikisoma 2.38 na wao wakatazamana. Hakuna aliyemwambia kitu.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni siku bei iliposhuka. Ubao uliandikwa chini kidogo ya jana, na chumba kizima kikaanza kununa. "Jana mmesema hivi, leo hivi!" Vibanda vingine waliapa kwa majina ya mama zao. Shija alifungua daftari, akaliweka kaunta, akaonyesha kwa kidole: hapa wakia imeshuka, dola imekaa palepale, kwa hiyo gramu imeshuka. Hapa juu, wiki iliyopita, wakia ilikaa lakini dola ilipanda, mkapata zaidi bila dhahabu kubadilika. Mzee mmoja kutoka Katoro, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliomba kiti akasoma daftari hilo ukurasa kwa ukurasa karibu saa nzima. Hakuwa na dhahabu siku hiyo. Alikuja nayo Ijumaa.

Kufikia mwezi wa kumi, foleni ilikuwa inaanzia nje. Mzee Lugembe aliacha kulalamikia elfu mbili, ingawa aliendelea kumlalamikia kijana kwa mambo mengine: anachelewa kula, anatumia boraksi nyingi, anaongea na watu mno.

Siku moja mtoto wa kiume wa Mama Kulwa alifika peke yake na pakiti iliyoshonwa kwa uzi, barua ya kikundi na nakala ya kitambulisho. Mama alikuwa na mgonjwa nyumbani. Shija hakukata uzi. Alipiga simu ya video kwanza, akaegemeza simu kwenye mizani.

"Mama, nakata sasa. Unaona?"

"Naona. Kata."

Baada ya kuyeyusha, gramu 7.90. Mashine ikasema `Au 91.0`. Ubao wa asubuhi hiyo ulikuwa 111,200. Shija alizidisha haraka, kwa sababu nyuma ya kijana kulikuwa na watu wanane.

"Gramu inakuja 99,100, mama, baada ya yetu. Mara 7.90..."

"Subiri." Upande wa pili ilisikika sauti ya daftari likifunguliwa, na binti akinong'ona namba. "Mia na kumi na moja na mia mbili, mara tisini na moja. Ni 101,192. Toa elfu mbili zenu. Ni 99,192. Hizo 92 zimeenda wapi?"

Shija alirudi kwenye karatasi. Alikuwa amefunga hesabu kwa mia ili iwe nyepesi. Mzee Lugembe, kutoka nyuma, alianza kucheka kwa mara ya kwanza tangu kijana aajiriwe.

"Ni shilingi mia saba hivi kwa jumla, mama," Shija alisema.

"Ni zangu. Andika."

Akaandika.