Salamu, sahihi na saa katika barua pepe zetu

Wenzangu wa Dar es Salaam, Goma, Maskati na Berlin,

Salamu ya wote: "Habari za kazi, wenzangu." Pia "Bonjour à tous" au "Guten Tag". Anayestahili shikamoo apewe, hata kwa maandishi.

Saa ndiyo inayotuponza. "Tukutane saa nne" peke yake haitoshi; andika: "Saa nne asubuhi ya Dar es Salaam (10:00, UTC+3); Goma 09:00, Maskati 11:00, Berlin 09:00 kiangazi, 08:00 baridi." Badala ya "kesho", taja siku: "Jibu kabla ya Alhamisi 16:00, UTC+3."

Sahihi:

Wako katika kazi,
Neema, Uhasibu
Dar es Salaam, UTC+3
Nasoma Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa
Nipo kazini 08:00–17:00; ukiandika usiku, nitajibu asubuhi.