Mdhamini Ni Nani? Mikopo na Mitandao ya Wanawake Wafanyabiashara Tanga

Maandishi mengi juu ya wanawake wafanyabiashara huipa mikopo sura yake na mitandao sura yake. Kwa mama karanga, yaani mwanamke mkaangaji na muuzaji wa samaki, wa soko la samaki la Deep Sea, Tanga, naona ni jambo moja: mkopo hupita kwa mtu kabla ya kupita benki.

Wachumi Stiglitz na Weiss (1981) walionyesha kwamba benki isiyomjua mkopaji haimpandishii riba tu; yaweza kumnyima kabisa, maana riba kubwa huwavuta wabahatishaji. Pengo hilo la kutojuana huzibwa na dhamana. Sheria haimzuii mwanamke kuwa nayo: Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983) Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ila shauri lile lilikuwa la talaka. Aliyemo ndani ya ndoa, nyumba ikiwa kwa jina la mume au baba mkwe, haendi benki na hukumu mkononi. Huombwa mdhamini, na mdhamini mwenye mshahara au hati mara nyingi ni mwanaume.

Njia nyingine ni kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati yake za wanawake. Mwaka 2023 ilisimamishwa, ikarudi 2024. Hata hivyo watafiti Goetz na Sen Gupta (1996) waliona Bangladesh kwamba sehemu kubwa ya mikopo iliyotolewa kwa majina ya wanawake iliamuliwa matumizi na wanaume. Jina kwenye fomu si mkono kwenye pesa.

Mitandao ndiyo yenye utamu zaidi. Mwanasosholojia Granovetter (1973) alisema habari mpya huletwa na watu tunaofahamiana kwa mbali kuliko na wa karibu. Pale Deep Sea, dalali hupigiwa simu boti ikiwa bado baharini. Mama karanga hufika alfajiri na ndoo yake, akute bei imeshapangwa. Watu wake ni wenzake wa VICOBA, wote wakaangaji, wote wanunuzi wa boti zilezile. (Nimekaa kwenye vikao vyao, upendo upo, habari za bei hazipo.)

Udhaifu wa mtandao huo hujitokeza mbalamwezi ikiwaka. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wa mwezi mpevu taa hazifui dafu, boti hulala. Wiki hiyo wanachama wote wanataka kukopa, hakuna mwenye rejesho, na sanduku lenye kufuli tatu halina cha kufungia. Anayebaki na pesa ni yule mkopeshaji wa kausha damu, ambaye haulizi hati wala mdhamini. Anaulizia friji na kochi.