Yah: Viwango vipya vya oda – maboksi na selotepu

Ndugu Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Tumemaliza kupitia upya kiasi nafuu cha kuagiza kwa bidhaa zenu mbili, na kuna mabadiliko kuanzia oda ijayo.

Maboksi: tunatumia 24,000 kwa mwaka. Kila oda inatugharimu 150,000/= (gari, washushaji, ukaguzi na makaratasi), na kutunza boksi moja ghalani mwaka mzima ni 200/=. Kwa hiyo:

√(2 × 24,000 × 150,000 ÷ 200) = 6,000

Badala ya 2,000 kila mwezi, sasa tutachukua 6,000 kila baada ya miezi mitatu. Jumla ya mwaka ni ileile, hampotezi biashara. Naomba tu yaje yamefungwa nailoni na juu ya paleti. Mzigo uliopita wa chini ulishika unyevu, na boksi lenye unyevu halibebi kitu.

Selotepu ni kinyume. Tulikuwa tunanunua 3,600 kwa mpigo, gundi inakauka rafuni. Hesabu imetoa 1,200, ila kwa kuwa katoni yenu ni ya 36, tuandikie katoni 34. Tofauti hiyo ndogo haina athari.

Je, kwa maboksi 6,000 mnatupa bei gani? Punguzo likiwa zuri tutapiga hesabu upya. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana LPO inatoka Jumatatu.

Wako,
Msimamizi wa Ghala, Vingunguti