Ufafanuzi wa Ujumbe wa Kupokea Fedha Taslimu, Ankara Namba 118

Ndugu Mhasibu,

Salaam. Nimepata swali lako kuhusu ujumbe niliokutumia Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, wenye maneno haya: "Nimepokea fedha zote kamili, shilingi 5,000,000, za mabati. Asante." Umeuliza kama maneno hayo yana maana kwamba kampuni yenu haidaiwi tena.

Hayana maana hiyo. Neno "kamili" lilihusu noti zilizoletwa siku hiyo: tulizihesabu mara mbili mbele ya msimamizi wenu wa ujenzi, na hazikupungua. Halikuhusu jumla ya ankara, ambayo ni shilingi 7,350,000 kwa mabati 210, kila bati shilingi 35,000, yaliyochukuliwa yote tarehe 10 Mei. Nakubaliana nawe kwamba mtu asiyekuwapo, akiusoma ujumbe ule baada ya miezi kadhaa, anaweza kudhani deni limekwisha au kwamba nimewapunguzia bei, na jambo hilo lingetutia wote wawili katika mabishano yasiyo na sababu.

Kwa hiyo naomba ujumbe wa awali uwekwe kando, na katika kumbukumbu zenu yatumike maneno yafuatayo:

"Mimi, muuza mabati, nimepokea kutoka kwa kampuni yenu, kwa mkono wa msimamizi wa ujenzi, fedha taslimu shilingi 5,000,000 (shilingi milioni tano), tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi. Fedha hizi ni sehemu ya malipo ya ankara namba 118 ya tarehe 10 Mei 2024, yenye jumla ya shilingi 7,350,000. Salio linalodaiwa ni shilingi 2,350,000 (shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu hamsini), la kulipwa ifikapo tarehe 31 Mei 2024."

Nimemtaja msimamizi kama mleta fedha tu, kwa kuwa mlipaji ni kampuni. Endapo atabadilishwa kazini, malipo haya yasije yakahesabiwa kuwa yake binafsi. Kiasi nimekiandika kwa tarakimu na kwa maneno kwa sababu sifuri moja ikizidi au ikipungua katika simu, maneno ndiyo yatakayoonyesha kilichokusudiwa. Tarehe ya kupokea fedha inabaki ileile ya 14, ingawa ufafanuzi huu naandika leo, tarehe 16 Mei.

Ujumbe wa simu hauchukui nafasi ya stakabadhi. Stakabadhi ya karatasi, yenye sahihi yangu na maneno hayohayo, nimempa msimamizi asubuhi hii, na nakala yake imebaki katika kitabu changu. Naomba uilinganishe na ujumbe huu, kisha unijibu kwa maandishi kwamba salio la shilingi 2,350,000 ndilo lililomo pia katika hesabu zenu. Iwapo kwako linasomeka tofauti, nieleze kabla ya malipo yanayofuata ili tupitie ankara pamoja.

Wako katika biashara,
Muuza mabati