Maoni ya mhakiki kwa waandishi: kipeo cha Mchoro wa 4

Ndugu waandishi, filamu zenu za ZnO ni nzuri na data ya eksirei imekaa vizuri, sina neno hapo. Shida yangu ni Mchoro wa 4, ule mliotumia kupata pengo la nishati, na ni shida kubwa kwa sababu hitimisho lote, kwamba alumini inashusha pengo la ZnO na kuifanya filamu ifyonze mwanga unaoonekana, limesimama juu yake.

Mmeandika kwamba ZnO ina mpito wa moja kwa moja, sawa kabisa, halafu mkaweka n = 2. Ila mlinganyo wenu wa 3 ni huu:

```
(αhν)^(1/n) = A(hν − Eg)
```

Kwa mtindo huu mpito wa moja kwa moja unaoruhusiwa unataka n = 1/2, yaani mhimili wima uwe (αhν)^2. Nyie mmechora (αhν)^(1/2), hata yuniti za mhimili zinaonyesha hivyo, na hiyo ni ya mpito unaohitaji fononi, kama kwenye silikoni. Nadhani n = 2 imetoka kwenye mtindo mwingine ambao kipeo ni n chenyewe, vitabu vinatofautiana na watu wengi wananasa hapo hapo.

Mnasema filamu yenye alumini 2% ina pengo la 3.05 eV. Hiyo ni kama 406 nm, sasa rudini Mchoro wa 3 muangalie, pale 406 nm filamu hiyo hiyo inapitisha zaidi ya 80% ya mwanga na ukingo wenyewe unaporomoka karibu na 370 nm. Kipeo cha nusu kinakuza sehemu ya chini ya mkunjo, kwa hiyo mstari mliochora umepita juu ya mkia wa Urbach na mabaki ya uakisi, sio juu ya ukingo.

Nimesoma nukta zenu kutoka kwenye mchoro nikainua kila moja kwa kipeo cha 4 ili nipate (αhν)^2, na mstari ukatoka kama 3.28 eV kwa ZnO tupu na 3.35 eV kwa ile yenye alumini. Ni makadirio ya macho tu, ila mwelekeo umegeuka, pengo linapanda, halishuki! Na ndivyo inavyotarajiwa alumini ikiongeza elektroni na kujaza sehemu ya chini ya bendi ya upitishaji (Burstein–Moss). Kwa hiyo ile aya ya kwamba alumini inaifanya filamu ifyonze mwanga unaoonekana haina tena pa kushikia.

Naomba mchore upya sampuli zote, muonyeshe wazi nukta zilizotumika kwenye fiti, muondoe mchango wa uakisi kabla ya kukokotoa α, na kama mna vipimo vya Hall viwekeni maana vitaonyesha kama wingi wa elektroni unatosha kueleza hilo ongezeko la 0.07 eV. Muhtasari na kichwa cha habari pia vibadilike. Kwa mhariri: marekebisho makubwa, na niko tayari kuusoma mswada tena.