Tunatafuta karani wa stoo ya dagaa na mawese, Kibirizi, Kigoma

Kama uliona lile tangazo letu la mwanzo lenye digrii ya ugavi, uzoefu miaka 5, umri usizidi 25, awe na uwezo wa kufanya kazi kwenye presha, lipotezee. Tumelitoa. Kazi yenyewe ndo hii.

Unaingia saa 12 asubuhi maana maboti yanarudi alfajiri na mwaloni kunaanza kuchangamka mapema, ila sisi hatununui wabichi, tunanunua waliokaushwa na kina mama, kwahiyo kuanzia saa 1 mpaka kama saa 3 wanakuja wote kwa pamoja na magunia yao na kila mmoja anataka apimiwe wa kwanza, huyu mtoto kamuacha nyumbani, yule ana mawese yake sokoni, na wewe uko hapo na daftari unaandika jina, kilo, daraja, bei. Hiyo ndo presha tuliyokuwa tunaisema. Baada ya hapo kunatulia, unakunywa chai.

Daraja tutakufundisha. Unachota mkono mmoja kutoka katikati ya gunia, sio juu, juu kila mtu anapanga wazuri. Unamvunja dagaa mmoja: akikatika kat amekauka, akipinda bado ana maji na ukimuweka stoo wiki moja gunia zima linapata ukungu. Halafu unapeta kidogo kwenye ungo uone mchanga, wa chanja na wa kuanikwa chini bei zao haziwezi kuwa sawa, na hapo utabishaniwa sana, kwa Kiswahili, kwa Kiha, na wateja wa Kongo nao wana Kiswahili chao. Ukijua Kiha utapata raha, usipojua utakijua tu.

Mchana ni mawese. Madumu ya lita 20 yanatoka Simbo na Ilagala, unafungua kila dumu unanusa, unachovya kijiti mpaka chini kuona kama kuna maji, unaandika. Kabla hujatoka unajumlisha daftari, unapiga picha unamtumia mama mwenye stoo watsapu. Risiti za EFD zinatoka siku hiyohiyo, hatulazi.

Dagaa wakikaa stoo wanapungua uzito, gunia la kilo 50 halitabaki 50, hilo tunalijua na hatumkati karani mshahara kwa sababu hiyo. Tunachotaka liandikwe. Kilichotuudhi huko nyuma ni daftari linalosema kilo hazijapungua hata nusu, hapo ujue mtu anajaza kwa kichwa.

Kazi inafuata mwezi. Wakati wa giza mzigo unamiminika na unaweza kubaki mpaka saa 2 usiku kupakia gari la Dar (ovataimu inalipwa, saa moja inahesabiwa moja na nusu). Mbalamwezi ikikolea taa za wavuvi hazivuti dagaa, mzigo unakuwa haba, tunasafisha stoo, tunahesabu, tunadai madeni. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti tuliishi kwa mawese, hakuna aliyepunguzwa ila ovataimu haikuwepo, likifungwa tena tegemea hivyohivyo.

Timu ni ndogo. Mama mwenye stoo ana sauti kubwa, ukimsikia kwa mara ya kwanza utadhani anagomba, anaagiza chai. Mzee wa mizani yuko toka stoo inafunguliwa, haongei sana na mizani yake usiiguse bila kumwambia. Dada watatu wa kuchambua na kupaki ndo wanajua habari zote za mwaloni kuliko redio. Kijana wa guta huwa anachelewa Jumatatu, tunaongea nae. Mvua ikianza kila mtu anatoka kukimbiza turubai, karani pia, hakuna cheo hapo. Na harufu utarudi nayo nyumbani, tusidanganyane.

Karani aliyekuwepo anaondoka kwenda kufungua duka lake Kasulu, atakaa nawe wiki mbili akuelekeze.

Mshahara laki 3 na nusu, NSSF, chakula cha mchana (ugali na migebuka mara nyingi, ijumaa wali). Jumatatu mpaka Ijumaa unatoka saa 9 alasiri, Jumamosi unatoka saa 5 asubuhi, Jumapili hatufungui. Miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio ila mshahara ni uleule.

Tunachohitaji kwako ni hesabu za kujumlisha na kutoa bila kubabaika, mwandiko unaosomeka, na usiwe mtu wa kuona aibu kumwambia mama wa makamo "shangazi, hili gunia bado bichi" kwa heshima na bila kurudi nyuma. Cheti cha fomu foo kinatosha, huna cheti ila umewahi kushika daftari la duka njoo pia. Umri wowote, me au ke.

Njoo mwenyewe stoo, geti la bluu upande wa kushoto ukishuka mwaloni, saa 5 mpaka saa 8 mchana siku za kazi, mwisho tarehe 20 mwezi huu. Usije asubuhi, hakuna atakayekusikiliza. Tutakupa gunia moja upime na uandike, nusu saa hivi, jibu unapewa ndani ya wiki hata kama hujapata. Fomu hatuuzi, mtu akikuomba hela ya kukuunganisha sio wa kwetu.